Mkaguzi alipofungua mlango wa stoo

Tulipohama Kasulu kuja Kigoma mjini, mzigo wetu ulikadiriwa kwa simu. Mwenye gari aliniuliza nyumba ina vyumba vingapi, nikamjibu vitatu na sebule, akasema hiyo ni kenta moja. Ikaja kenta moja. Kufika saa saba mchana ilikuwa imejaa hadi juu na kamba zimekazwa, huku mlangoni kwangu yamebaki makochi mawili, tanki la maji, cherehani na mabegi ya watoto. Gari la pili tulilipa bei ya mtu aliyekwama, maana nyumba tulishaikabidhi na mpangaji mpya alikuwa amesimama uani na godoro lake.

Kwa hiyo miaka minne baadaye, mume wangu alipopata uhamisho wa kwenda Tabora, nilisema sitataja idadi ya vyumba kwa mtu yeyote. Nilitaka mtu aje kwetu Mwanga, Kigoma mjini, aingie ndani, aone kwa macho yake. Kampuni ya kwanza niliyoipigia ilinijibu kwamba picha za Wasapu zinatosha. Ya pili ilikubali kumtuma mkaguzi, na haikudai malipo kwa ziara hiyo. Tulipanga aje wiki tatu kabla ya kuhama, siku ya Jumamosi, kwa sababu siku hiyo watoto wapo nyumbani na vitu vyote viko mahali pake. Baiskeli ya mwanangu isingekuwa shuleni, wala meza ya cherehani isingekuwa kwa jirani.

Kosa langu la kwanza ni kwamba nilianza kufunga mzigo kabla hajaja. Niliona aibu kumpokea mgeni nyumba ikiwa shaghalabaghala, nikapanga maboksi kumi na mawili ukutani, yamefungwa kwa gundi, safi kabisa. Alipoingia, akanisalimia na kupewa maji, swali lake la kwanza lilikuwa, "Mama, haya yana nini?" Nikamwambia saba yana vyombo na nguo, matano yana vitabu vya baba watoto. Akainama, akalikamata moja la vitabu kwa pembe mbili na kulinyanyua kidogo tu, kisha akalirudisha chini. Lilikuwa boksi la ukubwa wa sentimita 45 kwa 40 kwa 40. Akasema boksi la namna hiyo likijazwa vitabu hufika kilo arobaini na zaidi, na kitako chake hakitafika Uvinza kikiwa kizima. Vitabu vinataka maboksi madogo, au boksi kubwa lenye vitabu robo chini na mito na mashuka juu. Akaniomba nisifunge kingine chochote mpaka amalize kuona, kwa sababu kitu kilichofungwa hawezi kukipima wala kukitolea maamuzi. Jioni ile nilifungua yale matano yote na kuyapanga upya.

Alikuwa na futi ya chuma na daftari la mistari. Nilidhani ataandika majina ya vitu, kumbe anaandika nafasi. Kila kitu alikipima urefu, upana na kimo, akavizidisha na kupata meta za ujazo. Kabati letu la nguo lilikuwa na upana wa meta 1.8, kina cha 0.6 na kimo cha 2, yaani zaidi kidogo ya meta 2 za ujazo. Nikamwambia kabati hilo linafunguka. Akazunguka nyuma yake, akagonga ubao kwa kidole, akasema mbao hizi za kubandika zikifunguliwa mara ya tatu skrubu hazishiki tena, bora lisafiri zima na ndani yake ziwekwe nguo nyepesi. Vitanda ndivyo alivyoandika kuwa vya kufunguliwa, na pembeni akaandika ni nani atavifungua: wao, kwa spana zao. Niliuliza kwa sababu Kasulu nilibaki nikimtafuta fundi seremala huku gari likisubiri.

Makochi ndiyo yaliyonishangaza. Seti yetu ni ya watu saba, na mimi niliiona kama kitu kimoja. Yeye alipata meta 5 za ujazo, karibu theluthi ya sebule na vyumba vyote kwa pamoja, kwa sababu kochi haliwekewi kitu kizito juu yake na mikono yake inaacha hewa kila upande. Alipomaliza ndani alikuwa na meta 15 na nusu. Akaniambia kenta yao ina bodi ya urefu wa meta 4.2, upana 1.9 na kimo 2, na mimi nikazidisha haraka kichwani: kama 16. Nikafurahi. Nikamwambia basi tumefika, kenta moja.

Akatabasamu, akaniuliza, "Na huku nyuma kuna nini?"

Mlango wa stoo uko nyuma ya jiko, na nilikuwa nimeusahau kama watu wengi wanavyoisahau stoo: ni mahali unapoweka kile usichotaka kukifikiria. Alipoufungua tulikuta baiskeli mbili, meza ya cherehani, masufuria ya shughuli, meko mawili, ndoo zilizobebana, kitanda cha mtoto na madumu ya mawese. Nje, kwenye kona ya ukuta, lilisimama tanki la maji la lita 1,000. Tanki likiwa tupu mtu mmoja analibeba kichwani, nami nilidhani halihesabiki. Yeye alilipima kama sanduku, meta 1.1 kila upande na kimo cha 1.3, akaandika 1.6, maana uwe umelijaza ama hujalijaza, nafasi yake garini ni ileile. Stoo na uani viliongeza meta 3 na nusu. Tukafika 19.

Halafu akanifundisha jambo ambalo sikulijua kabisa. Mzigo wa nyumbani si maji, haujazi pembe zote za gari. Kati ya kabati na kochi kuna upenyo, chini ya meza kuna hewa, na godoro haliruhusiwi kukunjwa. Yeye huongeza sehemu moja kwa kila sehemu sita za hesabu. Kwa hiyo 19 zetu zilikuwa kama 22 ndani ya gari, na hata zile 15 na nusu za ndani peke yake zilikuwa 18, yaani kenta ilikuwa imeshindwa kabla hata ya stoo kufunguliwa. Hapo ndipo nilipoelewa kilichotupata Kasulu. Yule mwenye gari hakutudanganya. Alihesabu vyumba, na chumba hakipakiwi garini.

Ukaguzi haukuishia kwenye vitu. Alitoka getini, akaanza kuhesabu hatua kuelekea barabara kubwa. Anayejua Mwanga anajua jinsi vichochoro vyake vinavyopanda na kushuka. Cha kwetu kina mtaro uliofunikwa kwa mbao, na nyaya za umeme wa jirani zinaning'inia kuelekea kwenye nguzo. Kenta ingepita. Fuso, ambalo ndilo tulilohitaji sasa, lisingeweza: zile mbao zisingelibeba, na bodi lake lingegusa nyaya. Aliandika hatua 90 kutoka mlangoni hadi mahali Fuso litakapoegeshwa. Hatua hizo ndizo zilizobadilisha idadi ya makuli kutoka wanne kuwa sita, na muda wa kupakia kutoka saa tatu kuwa nne na nusu. Kama asingetoka nje, bei aliyonipa ingekuwa ya gari lililoegeshwa mlangoni, na ugomvi ungetokea siku ya kupakia, makuli wakidai nyongeza huku kabati langu likiwa katikati ya kichochoro.

Akaniuliza pia kuhusu nyumba ya Tabora. Nilikuwa sijaiona, ila mume wangu alikwishatangulia na kupata nyumba Ipuli. Mkaguzi akataka video ya mambo matatu: geti, njia ya kuingilia kutoka barabarani, na juu ya njia hiyo. Hilo la juu sikulielewa mpaka video ilipofika. Tabora ni mji wa miembe, na mwembe mmoja ulikuwa umeinamia njia ya nyumba yetu, matawi yake yamelemewa na maembe ya Desemba. Bodi la Fuso lingeng'oa tawi au tawi lingechana turubai. Njia yenyewe ilikuwa ya mchanga, ule mchanga wa Tabora unaozamisha tairi. Mume wangu akazungumza na mwenye mwembe, tawi moja likafungwa kwa kamba na kuvutwa pembeni, na tukakubaliana Fuso lisimame kwenye ardhi ngumu, hatua arobaini kutoka getini. Nazo ziliingia kwenye daftari.

Siku mbili baadaye nilipokea profoma. Nilichokitafuta kwanza ndani yake hakikuwa bei, bali orodha. Ilikuwa na vitu vyote, tanki na stoo vikiwemo, hatua za pande zote mbili, idadi ya makuli wa kupakia na wa kushusha, na nani anafungua na kufunga vitanda. Kitu kimoja hakikuwemo: kushusha Tabora kulitajwa, ila kuingiza vyumbani hakukutajwa. Nikapiga simu. Kwao "kushusha" kulimaanisha hadi barazani. Tukaongeza maneno "na kuingiza kila chumba", bei ikapanda kidogo, nami nikaridhika kwa sababu nilijua ninacholipia.

Sasa ikabaki siku. Hapa ndipo watu wengi wa Kigoma tunapoponzwa, na sababu yake ni nzuri. Magari mengi huja Kigoma na bidhaa na kurudi hayana kitu, kwa hiyo bei ya gari linalorudi ni nafuu kuliko gari linalotoka kwa ajili yako. Lakini gari la kurudi lina ratiba ya mwenzako. Likichelewa kupakuliwa bandarini, siku yako nayo inasogea. Kampuni iliniambia, "Mama, hesabu kati ya Alhamisi na Jumamosi." Kwa mtu mwenye makreti ya biashara hiyo inatosha. Kwa mwenye watoto watatu na vitanda vilivyofunguliwa, siku tatu za "kati ya" ni siku tatu za kulala sakafuni.

Nilianza kuhesabu kutoka Tabora kurudi Kigoma, si kinyume chake. Mpangaji wa Ipuli alikuwa anatoka Jumatano. Mume wangu alihitaji Alhamisi nzima ya kukabidhiwa funguo, kuangalia maji na umeme na kufagia. Kwa hiyo mzigo usingeweza kufika kabla ya Ijumaa. Mkaguzi akanikumbusha jambo ambalo neno letu "siku ya kuhama" linalificha: ni siku mbili, ya kupakia na ya kushusha. Kwao gari la vyombo vya nyumbani halitembei usiku. Tukipakia kuanzia asubuhi kwa saa nne na nusu, linaondoka mchana, linapita Uvinza na Malagarasi, linalala njiani, kesho yake linapita Kaliua na Urambo na kuingia Tabora kabla ya adhuhuri. Kwa hiyo kupakia Ijumaa, kushusha Jumamosi, siku ambayo mume wangu haendi kazini na vijana wa kusaidia wanapatikana. Nikauliza gari litalala wapi, na nani atalala nalo. Jibu lilikuwa Kaliua, kwenye uwanja wenye mlinzi, na utingo analala ndani ya gari. Hilo nalo tuliliandika.

Kuhusu gari la kurudi tuliafikiana hivi. Ikifika Jumatano saa kumi jioni na gari halijathibitishwa, wao wataleta jingine kwa bei ileile. Likithibitishwa, watanitumia namba yake ya usajili na jina la dereva. Na mvua ikinyesha wakati wa kupakia, tunasubiri kwa muda usiozidi saa mbili bila nyongeza, maana Desemba kwetu mvua ya asubuhi si habari. Nusu ya malipo nilitoa nilipoweka sahihi. Nusu ya pili ilikuwa ya kulipwa Tabora, kitu cha mwisho kikishaingia ndani.

Kampuni ikaniomba pia ruhusa. Fuso lao lilikuwa na nafasi ya meta 31, yangu ni 22, na kulikuwa na mtu wa Urambo mwenye mzigo mdogo. Nilikubali kwa sharti moja, ambalo mkaguzi mwenyewe alinipa: mzigo wangu uingie kwanza, mbele kabisa, na wa Urambo upakiwe mwisho karibu na mlango. Urambo ni kabla ya Tabora. Ungepakiwa kinyume chake, vyombo vyangu vingeshushwa na kupakiwa upya kando ya barabara, mbele ya watu, na hapo ndipo vitu hupotea.

Katikati ya wiki hizo tatu mzigo uliongezeka. Majirani wa Kigoma hawakuachi uondoke mikono mitupu. Nilipewa madumu mawili zaidi ya mawese na gunia mbili za mkaa. Nilimpigia mkaguzi kabla ya kusema asante mara ya pili. Mawese aliyakubali, ila kwa masharti: kipande cha plastiki chini ya kila kifuniko, madumu yasimame ndani ya beseni, na yakae mbali na magodoro, kwa sababu doa la mawese kwenye godoro halitoki. Mkaa aliukataa kabisa. Ni zao la misitu, una kibali chake cha kusafirishia, na magunia mawili yasiyo na karatasi yangeweza kulizuia gari zima kizuizini pamoja na vitanda vyangu. Mkaa nikamwachia mama mwenye nyumba.

Jumatano ikafika, na saa tisa alasiri nikapata namba ya gari. Nilishukuru, kisha nikasoma ujumbe wote kwa utulivu. Ulisema: Ijumaa, 8:00. Mimi nilikuwa nimeandika hivyohivyo kwenye ujumbe wangu wa awali, nikimaanisha saa mbili asubuhi kama inavyoonekana kwenye simu. Moyo ukanituma nipige. Dereva akasema, "Ndiyo mama, saa nane mchana tupo hapo." Angekuja saa nane, tungemaliza kupakia giza likikaribia, na gari lingelala kwenye barabara ya Mwanga likiwa na mzigo wangu. Tukarekebisha kwa maneno: Ijumaa, saa mbili asubuhi, jua likiwa limetoka. Tangu siku hiyo saa ya kukutana na gari siiandiki kwa tarakimu peke yake.

Alhamisi asubuhi nilizima friji, nikaifungua mlango na kuweka vitambaa chini ili barafu iyeyuke yote. Bolti za kila kitanda, makuli walipovifungua Ijumaa, nilizitia kwenye mfuko wa nailoni na kuufunga kwenye ubavu wa kitanda chenyewe. Mkaguzi alikuja na daftari lake, akasimama nyuma ya gari, na kila kitu kilichoingia alikipa namba kwa kibandiko. Tulifika 74. Tukaweka sahihi wote wawili, nakala moja kwangu, nyingine kwa dereva. Nilimtumia mume wangu picha ya kila ukurasa kabla gari halijaondoka, saa saba mchana.

Jumamosi saa tano na nusu asubuhi, Fuso lilisimama Ipuli kwenye ardhi ngumu tuliyoichagua. Mume wangu alisimama getini na ile orodha, akiita namba moja moja. Ilipofika mwisho walikuwa na 73. Dereva alikuwa tayari ameshika kitabu cha risiti, lakini salio lilisubiri. Utingo akarudi ndani ya bodi, akapekua chini ya turubai lililokunjwa, akatoka na kigoda cha cherehani, kibandiko kikiwa bado kimeshika: namba 31. Mume wangu akalipa.

Mimi na watoto tuliingia jioni. Vitanda vilikuwa vimeshafungwa, kabati limesimama ukutani, madumu ya mawese yako jikoni kwenye beseni lake. Friji ilisimama kwenye kona yake bila kuwashwa, mlango umeachwa wazi kidogo, na tuliiacha hivyo hadi asubuhi.